Nyuso pana na mikanda myeusi: Jinsi ya kurejesha umbo sahihi la picha katika runinga

MSOMAJI wa habari aliyenenepa ghafla, mpira wa kandanda unaofanana na yai na mikanda myeusi inayoizingira picha pande zote ni dalili za kasoro moja. Chombo kinachotoa picha na runinga inayoionyesha havijakubaliana kuhusu umbo la picha hiyo. Mara nyingi si ubovu wa runinga wala udhaifu wa mawimbi, na fundi hahitajiki. Linalohitajika ni kujua ni kipi kati ya vyombo hivyo viwili kilichokosea, kisha kukirekebisha hicho chenyewe.

Maumbo mawili

Runinga za zamani, zile zenye kisogo kirefu, zilikuwa na skrini ya umbo la 4:3. Maana yake ni kwamba kwa kila sentimita 4 za upana palikuwa na sentimita 3 za kimo. Vipindi vilivyorekodiwa nchini tangu matangazo ya runinga yalipoanza mwaka 1962, na kwa miongo mingi baadaye, vilikuwa vya umbo hilo. Runinga bapa za leo ni za 16:9, yaani upana wake unakaribia kuwa maradufu ya kimo.

Runinga bapa ya inchi 32 ina skrini yenye upana wa takriban sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Picha ya 4:3 yenye kimo hicho inahitaji upana wa sentimita 53 pekee. Kwa hivyo hubaki sentimita 9 kila upande, na hapo ndipo mikanda miwili myeusi huonekana. Runinga ikilazimishwa kuijaza nafasi hiyo, huivuta picha kwa upana na kuiongezea theluthi moja. Uso wa mtu nao huongezeka kwa theluthi hiyo hiyo, ilhali kimo chake hakibadiliki.

Hivyo basi, mkanda mweusi si kosa kila mara. Mara nyingi ni ushahidi kwamba picha imeachwa katika umbo lake la asili. Kosa hupimwa kwa umbo la vitu vinavyoonekana ndani ya picha.

Kipimo cha duara

Njia ya hakika ya kutambua kosa ni kutafuta kitu cha mviringo kinachotazamana na kamera moja kwa moja, kisha kukipima kwa rula juu ya skrini. Saa ya ukutani ndani ya studio hufaa, na mpira ulio hewani pia hufaa. Duara la katikati ya uwanja halifai, kwa kuwa kamera huliona kutoka pembeni na daima huonekana limelala.

Upana ukilingana na kimo, umbo ni sahihi na mikanda yoyote iliyopo iachwe. Duara likiwa na upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 9, picha ya 4:3 imevutwa ili kuijaza skrini pana. Likiwa na upana wa 9 na kimo cha 12, mambo yamegeuka: picha pana ya 16:9 imebanwa ndani ya nafasi ya 4:3, na watu huonekana wembamba na warefu.

Kipo kisa cha nne kinachowatatiza wengi. Duara huwa sahihi katikati ya skrini, lakini mpira ukisogea pembeni hurefuka kwa upana. Hapo runinga imewekwa katika mpangilio kama ule ambao Sony huuita "Wide Zoom". Mpangilio huo huivuta picha zaidi kingoni kuliko katikati ili kuficha uvutaji wenyewe. Tiba yake ni kuuondoa.

King'amuzi kwanza, runinga baadaye

Chukua mfano wa nyumba yenye runinga ya inchi 32 na king'amuzi kilichounganishwa kwa kebo ya AV, ile yenye ncha ya manjano, nyekundu na nyeupe. King'amuzi kimewekwa "4:3 Letter Box", nayo runinga imewekwa "16:9". Kituo kinatangaza kipindi cha kisasa cha 16:9.

King'amuzi kinadhani kimeunganishwa na runinga ya zamani. Hivyo hukipunguza kipindi kile kipana ili kiingie katika umbo la 4:3, na kuweka mikanda myeusi juu na chini. Runinga nayo hupokea picha hiyo ya 4:3 na kuivuta kwa upana hadi ijae. Mtazamaji huona mikanda juu na chini, na nyuso pana juu ya hayo. Rula huonyesha 12 kwa 9.

Wengi hapa hukimbilia kitufe cha "Zoom" katika rimoti ya runinga. Picha hukuzwa, mikanda hupotea na nyuso hurudia umbo lake, ikadhaniwa kwamba tatizo limekwisha. Lakini king'amuzi kilikuwa kimetumia robo ya mistari ya picha kuchora weusi. Kati ya mistari 576 ya matangazo ya kiwango cha kawaida, iliyobaki na picha ni 432, na hiyo ndiyo inayotandazwa skrini nzima. Picha huwa na ukungu. Isitoshe, kipindi cha zamani cha 4:3 kikianza, "Zoom" hukata thumuni ya picha juu na thumuni nyingine chini. Paji la uso la mzungumzaji hukatwa, na maandishi ya habari yanayopita chini hayaonekani tena.

Tiba sahihi huanzia katika king'amuzi. Fungua menyu yake, tafuta sehemu iliyoandikwa "TV Type", "Aspect Ratio" au "Screen Format", kisha uchague "16:9". Kwa kufanya hivyo king'amuzi huelezwa umbo la runinga iliyopo. Halafu runinga iachwe katika "16:9". Kipindi kipana sasa kitajaa skrini kwa mistari yake yote 576, na duara litakuwa duara.

Kwa vipindi vya zamani, ving'amuzi vingi huwa na chaguo la pili katika menyu hiyo hiyo. Likiwa "Pillar Box", king'amuzi chenyewe kitaweka mikanda kulia na kushoto kila kipindi cha 4:3 kinapopita. Likiwa "Full", kitakivuta. Mtazamaji akichagua "Pillar Box", hatahitaji kugusa rimoti kila kipindi kinapobadilika.

Kebo nayo ina sehemu yake. Kebo ya HDMI inaweza kuipelekea runinga taarifa kuhusu umbo la picha pamoja na picha yenyewe. Kupitia kebo ya AV, taarifa hiyo mara nyingi haifiki, na runinga hubaki ikikisia. Penye tundu la HDMI pande zote mbili, afadhali litumike hilo.

Mtambo wa DVD

Katika diski ya DVD ya mfumo wa PAL, picha huhifadhiwa kwa nukta 720 kwa 576, iwe ya 4:3 au ya 16:9. Idadi ya nukta haibadiliki. Kinachobadilika ni alama ndogo ndani ya diski inayoeleza iwapo nukta hizo zitandazwe kwa umbo la 4:3 au la 16:9. Alama hiyo isipozingatiwa, nyuso huharibika hata kama diski ni nzima.

Mtambo wenyewe uwekwe "16:9" mahali pa "4:3 LB" au "4:3 PS". Chaguo hili la mwisho ndilo baya zaidi kwa mwenye runinga bapa, kwa sababu linaweza kukata kingo za kulia na kushoto za filamu pana, na runinga haiwezi kurudisha kilichokatwa. Diski ya zamani ya 4:3 ikivutwa hata baada ya hapo, runinga iwekwe "4:3" wakati wa kuitazama. Runinga nyingi hukumbuka mpangilio wa kila tundu peke yake, hivyo badiliko hilo halitakigusa king'amuzi.

Filamu nyingi za sinema zina umbo pana kuliko hata 16:9. Tangu mfumo wa CinemaScope ulipozinduliwa mwaka 1953, picha za upana huo zimekuwa za kawaida, na zilizoenea sana leo ni zile za 2.39 kwa 1. Katika runinga yetu ya inchi 32, filamu ya namna hiyo huchukua kimo cha takriban sentimita 30, na kubakisha mikanda ya sentimita 5 juu na chini. Mikanda hiyo ni halali. Anayeiondoa kwa "Zoom" hukata takriban robo ya picha kwa upana.

Kipakatalishi

Kipakatalishi kikiunganishwa kwa HDMI, kiwekwe katika vipimo vya 1920×1080, ambavyo ni vya umbo la 16:9. Kikiachwa katika 1024×768, ambayo ni 4:3, ama mikanda itatokea pembeni au herufi zitavutwa.

Hata vipimo vikiwa sahihi, huenda kingo za picha zikapotea na vitufe vya chini visionekane. Chanzo chake ni desturi ya zamani ya runinga ya kukuza picha kidogo ili kuficha kingo chafu za matangazo ya analogi. Desturi hiyo huzimwa kwa kuchagua "Just Scan" katika runinga za LG, "Screen Fit" katika nyingi za Samsung, au "Full Pixel" katika nyingi za Sony.

Lisilotibika nyumbani

Wakati mwingine kosa hutokea katika kituo chenyewe. Mhariri huchukua mkanda wa zamani wa 4:3 na kuuvuta kabla ya kuurusha hewani. Dalili yake ni rahisi kuona: nyuso katika kipindi ni pana, lakini nembo ya kituo pembeni na herufi za habari chini zina umbo zuri, maadamu ziliongezwa baada ya picha kuvutwa. Runinga ya nyumbani ikikosea, huvuta vyote pamoja bila kubagua.

Katika hali hiyo, runinga ikiwekwa "4:3" kwa muda, nyuso zitarudi katika umbo lake na nembo ndiyo itakayobanwa. Kipindi kikiisha, mpangilio urudishwe. Lakini ikiwa kituo kilikata juu na chini ya picha ya zamani ili ijae, hakuna kitufe cha rimoti kitakachoirudisha sehemu hiyo, kwa kuwa haikurushwa hewani kamwe.