Nafasi ya Jina la Duka katika Ubeti Mfupi wa Biashara: Kutoka Pindo la Kanga hadi Kipaza Sauti

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna jina la mwenye duka lilivyowekwa katika matini fupi za biashara za Kiswahili, kuanzia kanga za Mombasa hadi ubeti unaoimbwa mlangoni mwa duka la mtaani. Hoja kuu ni kwamba nafasi ya jina huathiri ukweli wa maneno yanayolizunguka. Jina linapokuwa ndilo linaloamua kina cha mishororo yote, mtunzi husukumwa kusema asichoweza kukithibitisha. Likikaa mahali pamoja pasipobadilika, kama kina cha bahari katika utenzi, mishororo mingine huwa huru kusema kweli.

1. Utangulizi

Wimbo wa tangazo la duka dogo haujapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili. Sababu moja ni kwamba ni mfupi mno, na nyingine ni kwamba lengo lake ni kuuza. Hata hivyo, mtunzi wake hukabiliwa na masuala yaleyale yanayomkabili mtunzi wa utenzi: mizani, kina, mkazo, na mahali pa kuweka neno asilotaka lisahaulike. Kwake neno hilo ni moja tu, nalo ni jina la duka. Zaidi ya hayo, ana sharti ambalo mtunzi wa utenzi wa kubuni hana. Anayosema yanaweza kupimwa siku hiyohiyo na mteja aliyeingia dukani.

2. Jina nje ya usemi: kanga

Mfano wa awali unaofahamika sana wa jina la mfanyabiashara kuandamana na usemi mfupi wa Kiswahili ni kanga. Maelezo yanayokubaliwa na wengi humtaja Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kutia misemo katika kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Misemo hiyo iliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Kanga zake zilitambulika kwa herufi K.H.E. na maneno «Mali ya Abdulla».

La kuzingatia hapa ni mpangilio. Msemo wa kanga hukaa juu ya pindo la chini, mahali pake maalumu, nao hubadilika kutoka toleo hadi toleo. Alama ya mwenye mali hukaa pembeni, nje ya msemo, nayo haibadiliki. Kwa hiyo msemo haukulazimika kumsifu Abdulla, wala kuoana na jina lake kwa kina au kwa mizani. Uliweza kusema habari za wivu, subira au majirani, na mnunuzi akaondoka na usemi aliouchagua mwenyewe pamoja na jina la muuzaji. Jina lilinata kwa kurudiwa mahali palepale katika kila nguo, bila kuingilia maana.

3. Jina ndani ya usemi: redio

Redio iliuondoa mpangilio huo, kwa sababu sauti haina pembe ya kuandikia alama. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikachukuliwa na serikali na kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo ilikuwa na Idhaa yake ya Biashara. Katika tangazo la redio jina halina budi kutamkwa. Likitamkwa ndani ya wimbo, huwa sehemu ya ubeti na kudai haki zote za neno ndani ya ubeti.

Duka la mtaani kwa kawaida halina fedha za kununua dakika za redio. Limeurithi mtindo huo kwa njia nyingine, yaani kipaza sauti kidogo chenye sauti iliyorekodiwa, kinachorudia maneno yaleyale mchana kutwa. Msikilizaji wake ni mpita njia. Ubeti wa mizani 32 ukiimbwa kwa mwendo wa mizani nne kwa sekunde huchukua sekunde nane. Mtu anayetembea husikia ubeti mmoja, pengine na nusu ya unaofuata, naye huenda akaanza kusikia popote. Hivyo jina haliwezi kusubiri mwisho wa wimbo mrefu. Lazima lirudi katika kila ubeti, na ni lazima liwe jina ambalo watu wanalitumia. Mara nyingi jina hilo si lile la kwenye leseni bali ni la mdomoni. Wakazi wa Dar es Salaam husema wanakwenda «kwa Mangi» au «kwa Mpemba», hata pale ubao wa duka unaposema jambo jingine.

4. Utenzi na mahali pasipobadilika

Umbo lililokuwa tayari kwa kazi hiyo ni ubeti wa utenzi, ambao hati yake ya kale zaidi yenye tarehe, ile ya *Utendi wa Tambuka*, ni ya mwaka 1728. Ubeti huo una vipande vinne, kila kimoja mizani nane kwa kawaida. Vipande vitatu vya mwanzo hushiriki kina kimoja, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Kipande cha nne huishia kwa kina cha bahari, ambacho hubaki kilekile tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo.

Kimuundo, kipande hicho cha nne kinafanya kazi iliyofanywa na alama ya mwenye mali katika kanga. Ni mahali pasipobadilika kando ya maneno yanayobadilika. Tofauti ni kwamba sasa mahali hapo pamo ndani ya sauti yenyewe.

5. Mfano: duka la kubuni liitwalo Tumaini

Tofauti kati ya nafasi mbili za jina huonekana vizuri kwa kulinganisha beti mbili zilizotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Duka ni la kubuni, na jina lake ni Tumaini. Katika ubeti wa kwanza, jina ndilo linaloamua kina cha vipande vyote vinne:

> Bei yetu ni ya chini,
> Kuliko zote mjini,
> Hakuna wa kushindani,
> Duka letu Tumaini.

Mizani imetimia: kila kipande kina nane. Kasoro ziko mbili, na zote zimetokana na kina. Ya kwanza ni ya lugha. Neno «kushindani» si neno; ni «kushindana» lililokatwa mkia ili lipate *-ni*. Ya pili ni nzito zaidi. Kipande cha kwanza kinaweza kuwa kweli, lakini cha pili kimeletwa na neno «mjini», ambalo ni miongoni mwa maneno ya kwanza kumjia mtu anayetafuta mwenzi wa *-ini*. Mwenye duka hajazunguka mji mzima kulinganisha bei, wala hawezi. Uongo huu haukuanzia katika nia yake, bali ulianzia katika silabi mbili za jina la duka.

Ubeti wa pili unaliacha jina katika kina cha bahari peke yake:

> Bei ubaoni soma,
> Sukari tunaipima
> Nawe papo wasimama,
> Duka letu Tumaini.

Vipande vitatu vya mwanzo vimepata kina chao, *-ma*, ambacho hakina uhusiano na jina. Matokeo yake ni kwamba kila kauli ni jambo ambalo mteja anaweza kulithibitisha kwa macho: ubao wa bei upo au haupo, sukari inapimwa mbele yake au inatolewa nyuma ikiwa imekwishafungwa. Ubeti hautaji bei yenyewe, na hilo ni kwa makusudi. Kauli yenye shilingi ndani yake huwa ya uongo siku bei ya jumla inapopanda, ilhali kauli inayotaja utaratibu hubaki kweli kadiri mwenye duka anavyoufuata.

Jina nalo limepata nafasi inayolifaa. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kina huangukia silabi ya mwisho, isiyo na mkazo. «Tumaini» lina silabi nne, kwa hiyo linajaza nusu nzima ya kipande, na mkazo wake, *-i-*, ndio mkazo wa mwisho wa ubeti. Kipande kikigeuzwa kuwa «Tumaini duka letu», mizani inabaki nane, lakini mkazo wa mwisho unahamia kwenye «letu», neno ambalo kila duka linalo. Mpita njia atabaki na neno hilo. Jina lenye silabi tano, kwa mfano Mwanamkasi, huhitaji maneno ya silabi tatu mbele yake, kama «kwa Bibi», ili kipande kitimie bila jina kukatwa.

6. Ukweli wa kipimo

Swali la ukweli wa maneno ya dukani ni la kale kuliko kipaza sauti. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatofautisha *kibaba cha tele*, yaani kipimo kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu, na *kibaba cha mfuto*, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Wote wawili ni kibaba, na muuzaji anayesema «kibaba» tu hajasema uongo kwa neno. Tofauti iko katika neno linalofuata, na mnunuzi aliyeijua lugha alijua kuliuliza.

Ubeti wa biashara uko katika hali hiyohiyo, kwa kuwa nafasi yake ni finyu na ni rahisi kuliacha neno linalofafanua. Kigezo kimoja kinafaa kuupima. Jina la duka liondolewe na mahali pake liwekwe la duka la jirani. Ubeti ukibaki sawasawa bila kupungukiwa, kama unavyobaki ule wa «kuliko zote mjini», basi haukusema chochote kuhusu duka lolote. Ubeti wa pili unashindwa kuhamishwa pale ambapo jirani hana ubao wa bei.

Kigezo hiki kina mpaka wake. Kinapima kauli, hakipimi mwenendo. Ubao wa bei unaweza kuwapo na mizani yenyewe ikawa mbovu. Hapo ubeti hauna la kufanya, kwa kuwa ukaguzi wa mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa ni ya jina moja kubadilisha makazi. Katika kanga jina la mwenye mali lilikaa nje ya usemi. Katika redio lililazimika kuingia ndani. Na katika ubeti wa umbo la utenzi linaweza kuwa ndani na wakati huohuo likabaki mahali pake maalumu. Mtunzi anayelifanya jina kuwa mtawala wa vina vyote hupata ubeti unaonata kwa urahisi na kudanganya kwa urahisi uleule. Anayelipa kipande cha nne peke yake hubakiwa na mizani 24 za kueleza jinsi duka linavyouza.