Tetemeko moja, vipimo viwili: safari ya Harry Wood

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na majengo ya Shule ya Sekondari Ihungo, mojawapo ya shule kongwe za mkoa huo, yakaharibika kiasi kwamba ilibidi yajengwe upya. Taarifa za kwanza zilisema tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.7. Baadaye namba ikapanda hadi 5.9, na ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu.

Hapo yapo maswali mawili ambayo kila tetemeko huyaleta. La kwanza, inakuwaje kitu kilichokwisha kutokea kiongezeke ukubwa baada ya kutokea? La pili, kama namba ni moja, mbona nyumba hii imelala chini na ya pale ng'ambo haijapata hata ufa? Sisi waandishi wa habari tumechangia kuwachanganya wasomaji, kwa sababu tunaandika "ukubwa" na "ukali" kana kwamba ni neno moja. Ni vitu viwili tofauti, na yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yalipita katika vyote viwili. Aliitwa Harry Wood, na jina lake halijulikani kama la Richter aliyemfuata.

Mwaka 1906 Wood alikuwa mwalimu kijana katika Chuo Kikuu cha Kalifornia, Berkeley. Tarehe 18 Aprili, saa 11:12 alfajiri, mpasuko wa San Andreas ulifyatuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 400, na mji wa San Francisco ukabomoka na kisha kuungua. Katika uchunguzi uliofuata, Wood alipewa kazi ya kupima mji wenyewe. Kifaa chake kilikuwa macho. Alitazama kuta zilizoanguka, barabara zilizojikunja, mabomba yaliyokatika, akaugawa mji katika madaraja matano, kuanzia A palipoharibika vibaya kabisa hadi E palipotikisika kidogo.

Ramani yake ilionyesha jambo ambalo macho ya mpita njia yasingelishika. Uharibifu haukupungua hatua kwa hatua kadiri mtu alivyosogea mbali na mpasuko. Uliruka. Juu ya vilima vya mwamba majengo mengi yalisimama. Karibu na bandari, mahali ambapo zamani palikuwa maji na watu wakafukia kwa mchanga na taka ili wapate viwanja, kila kitu kilipondeka. Udongo laini hupokea mtikisiko na kuukuza, kama bakuli la uji linavyoendelea kuchezacheza baada ya meza kutulia. Tetemeko lilikuwa moja, lakini mitaa miwili iliyopakana ilikuwa imepata mitikisiko miwili.

Hicho alichokichora Wood ndicho ukali. Ukali ni habari ya mahali: hapa palitikisika kiasi gani, watu walihisi nini, vitu vilifanya nini, majengo yalivumiliaje. Kwa hiyo tetemeko moja lina ukali mwingi, daraja lake kila mahali. Skeli iliyoenea zaidi ilianzia kwa Giuseppe Mercalli, padri Mtaliano aliyechunguza volkano, aliyetoa madaraja 10 mwaka 1902. Wenzake waliongeza yakafika 12, na mwaka 1931 Wood pamoja na Frank Neumann wakaiandika upya kwa Kiingereza kwa ajili ya Marekani. Waliingiza hata magari: katika daraja la IV gari lililoegeshwa linaonekana likiyumba, na katika daraja la VII hata dereva aliye barabarani anahisi. Kwenye daraja la VI kila mtu anahisi, wengi wanakimbilia nje, na lipu inaanza kudondoka hapa na pale. Madaraja huandikwa kwa namba za Kirumi na hayana nukta, kwa sababu hakuna kilichopimwa kwa rula. Kila daraja ni maelezo, na kazi ya mchunguzi ni kulitafuta linalofanana na alichokiona.

Lakini Wood alijua udhaifu wa njia hiyo. Tetemeko la baharini au jangwani, pasipo watu, halina wa kulieleza. Na tetemeko dogo chini ya mji uliojengwa vibaya linaweza kuonekana kubwa kuliko lile kubwa lililopita porini. Alihitaji kifaa kisichojali nani anaishi wapi.

Katika miaka ya 1920, akishirikiana na mwanaastronomia John Anderson, alitengeneza kipima mitetemo kidogo cha ajabu kwa urahisi wake. Kipande kidogo cha shaba kimeshikwa na uzi mwembamba wa chuma, na juu yake kuna kioo. Ardhi ikitikisika, shaba inajizungusha kwenye uzi, kioo kinageuka, na mwale wa taa unaoakisiwa unachora mstari kwenye karatasi ya picha inayozunguka. Mchoro huo unakuza mwendo wa ardhi zaidi ya mara 2,000. Vifaa hivyo viliwekwa sehemu mbalimbali za kusini mwa Kalifornia, na karatasi zikaanza kurundikana mjini Pasadena.

Aliyekabidhiwa kuzipanga alikuwa Charles Richter. Shida yake ilikuwa hii: mchoro mrefu unaweza kutoka kwa tetemeko kubwa la mbali au dogo la karibu. Mjapani Kiyoo Wadati alikuwa amekwisha kuonyesha namna ya kulinganisha mitetemo kwa kuweka urefu wa mchoro dhidi ya umbali, na Richter akafuata njia hiyo. Umbali unapatikana kwenye karatasi yenyewe. Mawimbi ya kwanza hukimbia kasi kuliko ya pili, kama radi inayoonekana kabla ya ngurumo kusikika. Hesabu sekunde zilizopita kati ya wimbi la kwanza na la pili, zidisha kwa 8, nawe una kilomita kwa makadirio. Zikiwa sekunde 12 na nusu, kitovu kiko kama kilomita 100.

Kisha unapima kwa rula kilele cha mchoro. Richter aliamua kwamba mchoro wa milimita 1 kwa umbali wa kilomita 100 uitwe 3. Milimita 10 ni 4, milimita 100 ni 5. Kila namba inayoongezeka inazidisha mchoro mara 10, kwa sababu mitetemo inapishana mno na skeli ya kawaida isingetosha kwenye ukurasa. Ushauri wa kutumia logi ulitoka kwa mwenzake Beno Gutenberg. Nguvu inayofumuliwa huongezeka zaidi ya hapo, karibu mara 32 kwa kila namba.

Mwaka 1935 kazi ikachapishwa, na kabla ya hapo Wood alikuwa ameshikilia jambo moja: kipimo hiki kipewe jina la pekee, lisilofanana na ukali, ili watu wasije wakavichanganya. Richter, aliyependa kutazama nyota tangu ujana, akaazima neno ambalo wanaastronomia hutumia kwa mng'ao wa nyota, ambalo kwa Kiswahili tumelifanya ukubwa. Mtu aliyeandika skeli ya ukali miaka minne tu nyuma ndiye aliyedai mpaka uwekwe.

Skeli ya Richter ilikuwa na mpaka wake pia. Ilitengenezwa kwa ajili ya kusini mwa Kalifornia na kwa kifaa kile, kinachoshika mitetemo ya haraka. Tetemeko kubwa sana hutoa mawimbi mapana na ya polepole, na kifaa hicho hakiyapati. Hata skeli zilizoundwa baadaye kwa mawimbi marefu zaidi zilifika mahali zikakwama. Tetemeko la Chile la mwaka 1960 lilisomeka karibu 8.5, namba isiyolingana na ukubwa wa ardhi iliyosogea.

Suluhisho lilikuja kwa kuuliza swali lingine kabisa: mwamba kiasi gani ulisogea, na kwa umbali gani? Eneo la ufa, zidisha kwa hatua uliyoteleza, zidisha kwa ugumu wa mwamba. Jibu huitwa momenti. Hiroo Kanamori, Mjapani aliyefanya kazi Pasadena palepale, aliigeuza momenti kuwa skeli mwaka 1977, akiipanga ili ipatane na namba ambazo watu walikwisha kuzizoea. Kwa skeli hiyo Chile ikawa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo. San Francisco ya 1906, iliyokuwa ikiandikwa 8.3, ikashuka hadi 7.9. Namba tunazotangaza leo kwa matetemeko makubwa ni za momenti, ingawa magazeti bado yanaandika "vipimo vya Richter".

Turudi Kagera. Namba ya 5.9 inamaanisha momenti ambayo, kwa hesabu ya mfano, ingepatikana kama ufa wenye upana na urefu wa kilomita 10 ungeteleza kwa sentimita 20 hivi. Kiganja kimoja cha mtu mzima na vidole vyake, kwenye mwamba wenye eneo la mji mzima. Hesabu ya dakika za kwanza hutumia vituo vichache na mawimbi yaliyowahi kufika. Mawimbi ya vituo vya mbali yanapoingia, hesabu hurudiwa. Tetemeko halikuongezeka, kilichoongezeka ni ushahidi. Na tofauti ya 5.7 na 5.9 si ndogo kama inavyoonekana, maana nguvu iliyofumuliwa ni maradufu.

Tetemeko hilo lilitokea katika kina cha kama kilomita 40, ambacho ni kirefu kwa tetemeko la bara. Kina hicho kilipunguza makali juu ya kitovu na kuyasambaza mbali, hata mtikisiko ukahisiwa Uganda na Rwanda. Ukali mkubwa uliokadiriwa ulikuwa daraja la VII. Ukisoma maelezo ya daraja hilo utaona kwa nini majirani wawili walipata mambo tofauti: jengo lililosanifiwa vizuri linapata madhara madogo sana, jengo hafifu linaharibika vibaya. Nyumba ya tofali zilizopangwa kwa udongo, bila mkanda wa lenta kuzifunga kuta pande zote nne, hufunguka kwenye pembe, kila ukuta ukienda njia yake. Nyumba ya miti na tope hupoteza tope lakini fito hujikunja na kubaki zimesimama.

Hapo pia skeli ya 1931 inaonyesha ilikozaliwa. Katika daraja la VII inamwelekeza mchunguzi atazame dohani zilizovunjika. Ukienda kijijini wilayani Missenyi kutafuta dohani utatafuta hadi jioni. Ndiyo maana skeli ya Ulaya ya mwaka 1998 inaanza kwa kuyapanga majengo kwa udhaifu wake, tofali za udongo mkavu zikiwa kundi la chini, halafu ndipo inauliza ni mangapi katika kundi hilo yameharibika na kwa kiasi gani. Huko Kagera njia hiyo ina maana zaidi.

Kwa matetemeko ya zamani ya kwetu, vipimo hivi viwili havijafika kwa usawa. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani, eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko ambalo Nicholas Ambraseys alilichambua katika makala ya mwaka 1991. Ukubwa wake, 7.4, uliwezekana kukadiriwa kwa sababu vipima mitetemo vya mbali vilikwisha kuchora mawimbi yake. Ukali wake hauna chombo cha mbali cha kuurudisha. Unategemea waliokuwepo siku ile na ambao maneno yao yaliandikwa, na sehemu kubwa ya waliotikiswa hawakuulizwa na mtu.