Vidonge vya mwani: Madini joto yasiyoandikwa kwenye lebo

VIDONGE vya kelpi, mwani mkubwa wa rangi ya kahawia unaoota katika bahari za baridi, huuzwa kama tiba ya asili ya uchovu, unene na matatizo ya tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Sifa hiyo inatokana na wingi wa madini joto, yaani iodini, katika mwani huo. Hata hivyo, lebo nyingi hutaja uzito wa mwani tu, bila kusema kidonge kina madini joto kiasi gani.

Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza 250 kwa mjamzito. Kiwango cha juu cha usalama kwa mtu mzima ni maikrogramu 600 kwa siku barani Ulaya na 1,100 nchini Marekani.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu mwani unaouzwa Marekani ulionyesha kuwa gramu moja inaweza kuwa na maikrogramu 16 tu au kupita 8,000, kutegemea aina ya mwani na jinsi ulivyoandaliwa. Chukua kidonge chenye miligramu 600 za mwani mkavu. Kwa kiwango cha chini, mnywaji hupata takriban maikrogramu 10, ambazo hazimfai kitu. Kwa kiwango cha juu hupata 4,800, sawa na mahitaji ya siku 32 katika kidonge kimoja. Kelpi kwa kawaida huelekea upande huo wa juu, na kwa kutazama kopo pekee mnunuzi hawezi kujua kidonge chake kimeangukia wapi.

Madini joto yakizidi ghafla, tezi hufanya jambo ambalo wengi hawalitarajii: husitisha utengenezaji wa homoni zake. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1948 na watafiti Wolff na Chaikoff wa Chuo Kikuu cha California, baada ya kuwachunguza panya. Tezi yenye afya hujirekebisha baada ya siku chache. Tezi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili, iliyowahi kutibiwa kwa mionzi au kukatwa sehemu, na ile ya mtoto aliye tumboni, huenda isijirekebishe. Mgonjwa wa namna hiyo huhisi baridi, huvimba uso, hupata choo kigumu na kuongezeka uzito. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo dalili zinazowafanya watu wanunue kelpi.

Upande wa pili unawahusu zaidi waliokaa na rovu kwa miaka mingi. Rovu la zamani huweza kuwa na vinundu visivyotii tena amri ya ubongo. Vikipata madini joto tele, hutengeneza homoni bila kikomo. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hupotea na mwili hukonda. Wazee huweza kupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Afrika imeliona jambo hili: katika miaka ya 1990, wagonjwa wa aina hiyo waliripotiwa Kivu, mashariki mwa Kongo, na nchini Zimbabwe, baada ya chumvi yenye madini joto kuingia mahali palipokuwa na upungufu wa muda mrefu. Chumvi hiyo inabaki kuwa kinga muhimu, lakini kiasi chake kwa siku ni kidogo mno kikilinganishwa na kidonge kikali cha kelpi.

Nchini Australia, maziwa ya soya yaliyotiwa kombu, kelpi inayotumiwa katika mapishi ya Kijapani, yaliondolewa madukani Desemba 2009. Mililita 30 tu kwa siku zilitosha kuvuka kiwango cha usalama. Mwaka 2014, kesi ya walioathirika ilimalizwa kwa fidia ya dola milioni 25 za nchi hiyo.

Daktari hutambua tatizo kwa kupima damu. Kipimo cha TSH hupanda tezi inapolegea na hushuka inapozidisha kazi. Mgonjwa asipotaja vidonge hivyo, kwa kuwa haviiti dawa, chanzo huweza kupita bila kujulikana. Akiviacha, mara nyingi tezi hurudi katika hali yake baada ya wiki au miezi kadhaa, ingawa wapo wanaohitaji matibabu. Anayesubiri kupimwa au kutibiwa tezi kwa iodini ya mionzi hutakiwa kuviacha wiki kadhaa kabla, kwani tezi iliyoshiba haitaipokea.

Mwani unaolimwa Zanzibar si kelpi. Ule ni wa maji ya joto na huuzwa zaidi kwa ajili ya karajinani, kiungo cha kugandishia vyakula. Namba zilizotajwa hapa hazifai kuukadiria.