Unyevu nisbia: hewa kavu ya usiku juu ya Ufipa

Mwezi wa Julai, mtu anayetoka nje alfajiri mjini Sumbawanga hulowa miguu kwa umande kabla hajafika barabarani. Mtu huyohuyo dakika chache kabla ameamka koo likimwasha, ulimi umegandamana na kaakaa, akatafuta maji ya kunywa kabla ya kutafuta viatu. Nje kuna maji juu ya kila jani, na ndani hewa inakausha koo. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yanaelezwa na istilahi moja ambayo wanafizikia na watabiri wa hali ya hewa huitumia kila siku, nayo kwa Kiswahili napendelea kuiita unyevu nisbia.

Taarifa za hali ya hewa husema tu “kiwango cha unyevunyevu”, na wengi wetu tumezoea hivyo. Maneno hayo yanamfanya msikilizaji adhani kwamba kinachotajwa ni kiasi cha maji yaliyomo hewani, kama vile mtu anavyotaja lita za maji kwenye pipa. Sivyo. Kinachotajwa ni uwiano: mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kuubeba kwa joto lake la wakati huo. Ndiyo maana nalishikilia neno nisbia, linalotokana na nisba, yaani uhusiano wa kitu kimoja na kingine. Bila neno hilo, asilimia inayotangazwa haina maana, kwa sababu hatujaambiwa ni asilimia ya nini.

Uwezo wa kubeba mvuke hutegemea joto. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10 za selsiasi hushiba ikiwa na gramu 9.4 za mvuke. Ikipashwa hadi nyuzi 20, hushiba kwa gramu 17.3, karibu mara mbili. Wapo wanaodhani kwamba hewa ya Sumbawanga hubeba mvuke mchache kwa kuwa mji uko juu sana, kama meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Wepesi wa hewa hauingii katika hesabu hii. Kimo kinaingia kwa njia nyingine: kinaleta baridi, na ni baridi inayopunguza mvuke.

Sasa tuingie chumbani. Tuseme ni usiku wa kipupwe, hewa ya nje ina nyuzi 10 na unyevu nisbia wa asilimia 70. Katika kila meta ya ujazo mna gramu 6.6 za mvuke. Hewa hiyo inapenya kwenye upenyo wa dirisha na chini ya mlango, inaingia katika chumba cha matofali ya kuchoma ambacho kuta zake zimehifadhi joto la mchana, na inafika nyuzi 20. Hakuna tone lililoondolewa. Gramu ni zilezile 6.6, ila sasa zinapimwa dhidi ya 17.3, na unyevu nisbia umeshuka hadi asilimia 38. Hata kama hewa ya nje ingekuwa imeshiba kabisa, kama inavyoshiba ikigusa majani yaliyopoa na kuacha umande, ingefika ndani ikiwa na asilimia 54 tu. Umande wa majani na ukavu wa chumbani vimetoka katika hewa moja.

Safari ya hewa hiyo haiishii chumbani. Pua na njia ya hewa huipasha hadi karibu nyuzi 37 kabla haijafika mapafuni, na huko hewa hutaka gramu 44 za mvuke kwa kila meta ya ujazo. Upungufu unalipwa na utando wa pua na koo. Hapo ndipo ukavu unapotoka.

Wenye uwezo hununua mashine ya kuongeza unyevu. Wengine huweka beseni la maji chini ya kitanda au hutundika kitambaa kibichi, desturi ya zamani na ya nchi nyingi. Swali la maana ni kiasi gani cha maji kinahitajika, na kama vyombo hivi vinaweza kukitoa.

Tuchukue chumba cha mpangaji mmoja, tuseme maeneo ya Kizwite, chenye meta 3 kwa 4 na kimo cha meta 2.5, yaani meta 30 za ujazo. Kina dari, dirisha limefungwa, na hewa yake yote hubadilika takriban mara moja kwa saa kupitia nyufa. Tunataka kupandisha unyevu nisbia kutoka asilimia 38 hadi 50. Tofauti ni kama gramu 2 kwa kila meta ya ujazo, au gramu 60 kwa chumba kizima. Ni kidogo sana, pungufu ya robo kikombe. Lakini saa moja ikipita, hewa hiyo imekwenda na nyingine kavu imeingia, kwa hiyo tunahitaji gramu 60 nyingine, na nyingine tena, hadi asubuhi. Mlalaji mwenyewe husaidia: kwa pumzi na ngozi hutoa takriban nusu ya kiasi hicho. Kinachobaki kwa usiku wa saa 8 ni kama gramu 300 za maji, zaidi kidogo ya robo lita.

Beseni la kawaida lenye upana wa sentimeta 40 lina uso wa maji wa takriban thumuni ya meta ya mraba. Katika hewa tulivu ya chumba, kwa makadirio, hupoteza gramu 60 hadi 100 usiku mzima. Kina cha maji hakiongezi chochote, kwa kuwa maji huondoka kupitia uso peke yake. Ndiyo maana anayejaza beseni hadi ukingoni na kuamka na koo lilelile kavu hana haja ya kushangaa: ametimiza theluthi moja ya kazi, au chini ya hapo.

Taulo la kuogea la pamba lenye sentimeta 70 kwa 140, likitundikwa limekunjuliwa, lina pande mbili zinazofika karibu meta 2 za mraba, yaani zaidi ya mara kumi ya uso wa beseni. Maji yake hupoa zaidi kuliko ya beseni, na jambo hilo hupunguza kasi kidogo, lakini bado taulo nene lililokamuliwa kwa mkono linaweza kuachia gramu 300 au 400 hadi asubuhi. Kwa chumba chetu, zinatosha. Kanga ni pana zaidi na huanza kwa nguvu, ila ni nyembamba, maji yake ni machache, na katikati ya usiku imeshakauka. Nguo za nyuzi za plastiki hazishiki maji ya kutosha. Mwenye nguo za kufua anaweza kuzifua jioni na kuzianika ndani kwa usiku mmoja. Kazi ni ileile.

Namna ya kutundika ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Taulo likamuliwe hadi lisidondoshe, kisha litandazwe kwenye kamba lisigusane pande zake, maana likikunjwa mara mbili nusu ya uso wake hupotea. Likae mbali na kitanda, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, na katika usiku wa Ufipa hakuna anayehitaji baridi ya ziada mgongoni. Beseni linakuwa na faida ya kweli likiwekwa chini ya taulo na upindo wa chini ukazamishwa ndani yake. Pamba hunywa maji na kuyapandisha kiasi cha shibiri hivi, na sehemu hiyo hubaki mbichi hadi asubuhi hata juu pakikauka. Maji ya beseni yamwagwe kila asubuhi, yasije yakalea viluwiluwi vya mbu, na taulo lifuliwe kwa sabuni kila baada ya siku chache kabla halijaanza kunuka. Penye mtoto anayetambaa, beseni lisiwekwe sakafuni kabisa. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha.

Kujua kama jambo hili linafanya kazi hakuhitaji kifaa. Pima maji kwa kikombe unapomimina kwenye beseni usiku, pima yaliyobaki asubuhi, na shika taulo uone limekauka hadi wapi. Taulo likikauka kabisa na mapema huku koo bado linawasha, hewa inabadilika haraka mno. Chumba kisicho na dari, chenye uwazi kati ya ukuta na bati, hewa yake inaweza kubadilika mara tatu kwa saa, na hapo chumba chetu kingehitaji lita moja na zaidi. Hakuna taulo moja litakaloweza hilo. Taulo likibaki limelowa asubuhi, chumba hakikuwa kikavu, na hivi ndivyo inavyokuwa pale watu watatu au wanne wanapolala pamoja milango imefungwa, kwa kuwa pumzi zao zimeshaleta mvuke wa kutosha. Matone kwenye kioo cha dirisha au chini ya bati, na harufu ya ukungu nyuma ya kabati, ni dalili za kuacha mara moja.

Kuna njia moja ya mkato ambayo lazima ikataliwe: kuingiza jiko la mkaa chumbani na kuchemshia sufuria ya maji juu yake, ili kupata joto na mvuke kwa pamoja. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na waliolala huenda wasiamke. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kuaminika.

Nirudi kwenye namba za koo, kwa sababu zinaweka mpaka wa tiba hii. Hewa ya asilimia 38 inataka gramu 37 hivi kutoka kwa utando wetu kwa kila meta ya ujazo. Ikipandishwa hadi asilimia 50, bado inataka 35. Nafuu ipo, hasa puani, lakini si kubwa. Anayepumua kwa pua hurudishiwa sehemu ya maji hayo anapotoa pumzi, kwa kuwa pua iliyopoa hunasa mvuke unaotoka. Anayelala kinywa wazi hupoteza zaidi. Kwa hiyo aliyezibwa pua kwa mafua, au kwa vumbi na moshi wa moto wa nyika unaotanda uwanda wote wa Ufipa wakati wa kiangazi, azibue pua kwanza kwa maji vuguvugu ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, kabla hajahangaika na taulo. Na kikohozi kikifikisha wiki mbili, suala si hewa ya chumba tena. Aende kituo cha afya akapimwe makohozi.