Sarafu Tano Ndani ya Kopo

Mjomba wangu anaishi Kilwa Masoko, na simu yake haina nafasi tena kwa sababu hafuti chochote anachotumiwa. Mwaka jana alinitumia kwa mara ya nne picha ileile: vipande vitano vya shaba iliyochakaa, na chini yake maneno mekundu yakisema Waswahili waliigundua Australia miaka elfu moja iliyopita. Akaandika, "Mjomba, wewe si ndiyo unasomea mambo haya? Liandike hili watu walijue."

Sikumwambia kwamba nilishaliandika. Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilitoa kurasa kumi na mbili juu ya sarafu hizo, nikamweka babu yetu, nahodha wa jahazi, katika aya ya kwanza. Mwalimu aliirudisha kazi yangu ikiwa na swali moja pembeni kwa kalamu ya risasi: "Sarafu changa kuliko zote katika kopo ni ya mwaka gani?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilikuwa nimezitazama tano tu. Kwenye kopo zilikuwa tisa.

Nianze na yale yanayojulikana. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa mtambo wa rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Siku moja ya mapumziko, akivua samaki kwenye kisiwa cha Marchinbar, aliona sarafu mchangani. Akaziokota, akazitia ndani ya kopo, akaendelea na maisha yake. Mwaka 1979 ndipo alipozitoa ili zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Tano zilikuwa za Kilwa. Leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Powerhouse, Sydney.

Kwamba tano hizo ni za Kilwa, hilo halina ubishi mkubwa. Sarafu za Kilwa zina sura yao. Ni ndogo, nyingi ni za shaba, upande mmoja una jina la mtawala kwa Kiarabu na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, nayo yamechaguliwa yafanye kina na jina lile. Yaani ukigeuza sarafu unamaliza shairi. Huko Kilwa Kisiwani watoto bado huziokota ufukweni baada ya mvua kubwa, na mimi mwenyewe nimewahi kuwekewa moja kiganjani. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, na herufi zake nilizisoma kwa ukucha kabla ya macho.

Kisichoonekana kwenye shaba hizo ni mwaka. Hapo ndipo "miaka elfu moja" inapoanza kuyumba. Mwanahistoria anayetaka kujua umri wa sarafu ya Kilwa analazimika kumtafuta mtawala aliyetajwa juu yake mahali pengine. Kwa al-Hasan bin Sulaiman tuna bahati: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta ametawala, akaandika. Kwa Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake liko kwenye sarafu nyingi mno, tunategemea Tarehe ya Kilwa, maandishi yaliyotungwa miaka mingi baada yake na ambayo nakala zake mbili kuu, ya Kiarabu na ile aliyoitumia Mreno João de Barros, hazikubaliani katika kila jambo. Kwa muda mrefu wataalamu walimweka mtawala huyo mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina iliyofukiwa Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya elfu mbili, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Dinari zile zilikuwa na miaka, na ya mwisho ilitoka karne ya 11. Ghafla Ali bin al-Hasan akarudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Nimelieleza hili kwa sababu linaonyesha namna sarafu isiyo na mwaka inavyoazima umri kwa jirani yake. Hazina ya Mtambwe ilikuwa na majirani wema: vitu vilivyofukiwa pamoja, mahali pamoja, kwa siku moja. Kinachohesabiwa hapo ni kile kichanga kuliko vyote, kwa sababu hazina haiwezi kufukiwa kabla ya sarafu yake ya mwisho kutengenezwa.

Sasa tumia kanuni hiyohiyo kwa kopo la Isenberg. Sarafu za Kiholanzi zina miaka. Ya zamani ni ya 1690, na nyingine ni za karne ya 18. Ikiwa zote tisa zilifika Marchinbar katika mfuko mmoja, basi zilifika karne ya 18 au baadaye, zile za Kilwa zikiwa tayari na umri wa mamia ya miaka. Waholanzi wenyewe walikuwa wameifikia Australia tangu 1606. Nahodha wangu Mswahili, yule niliyempa uso wa babu, anafika akiwa amechelewa sana.

Lakini sina haki ya kuandika "zilifika pamoja" upande wa yanayojulikana. Isenberg hakuchimba, aliokota. Hakuna tabaka la udongo lililopimwa, wala mchoro unaoonyesha ipi ilikuwa karibu na ipi, isipokuwa ramani aliyoitia alama ya mahali. Mchanga wa ufukweni husogezwa na mawimbi, na vitu vya karne tofauti huweza kulala bega kwa bega bila kujuana. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza kikosi kwenda kutafuta mahali pale. Hawakupata sarafu nyingine ya Kilwa ya kuzipa zile tano ushahidi.

Kwa hiyo nikachukua karatasi, nikaikunja katikati. Kushoto niliandika tunayoyajua: sarafu ni za Kilwa, ziliokotwa na Isenberg, kwa maelezo yake, mwaka 1944, aliziokota na za Kiholanzi. Kulia niliandika tunayoyaamini. Upande wa kushoto ulijaa mistari mitatu. Upande wa kulia ulinibidi kuugeuza nyuma.

Imani ya kwanza ni ya mjomba: jahazi la Kilwa lilivuka bahari moja kwa moja. Haikatazwi na akili. Kilwa iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta na Wessel nyuzi 11, ni kana kwamba mtu alipiga mstari kwenda mashariki. Ila mstari huo una zaidi ya kilomita 10,000, na biashara ya Kilwa ilitazama kusini kwenye dhahabu ya Sofala na kaskazini kwenye Uarabuni na India, mahali ambako pepo za kaskazi na kusi zinakupeleka na kukurudisha. Safari moja iliyopotea inawezekana. Tatizo ni kwamba safari iliyopotea inaweza kueleza chochote.

Imani ya pili inapitia kwa wavuvi wa Makassar, katika Indonesia ya leo. Hawa walikwenda kaskazini mwa Australia kila msimu kuvua majongoo bahari kwa ajili ya soko la China, na safari zao katika karne ya 18 zinajulikana. Waliacha hata mikwaju, iliyoota kwenye kambi zao kutokana na mbegu za chakula chao. Watu hawa walishika pesa za Kiholanzi kila siku. Shaba za Kilwa zingeweza kuchanganyika nazo katika bandari fulani, kama jiwe linavyoingia kwenye mchele. Imani ya tatu haipendwi na mtu: kwamba zililetwa karne ya 20 na mtu mwenye kukusanya sarafu, zikamdondoka. Siwezi kuifuta.

Nilipokuwa nikitafuta jinsi shaba ya kale ya Kilwa ingeweza kuwa safarini katika karne ya 18, nilijikwaa kwenye jambo ambalo sikulitaka. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe Morisi kwenye mashamba. Hilo ni la upande wa kushoto, linajulikana. Morisi ilikuwa kituo cha meli za kwenda mashariki. Na sarafu za kale, kama leo, zilikuwa zikilala mchangani Kilwa, mtu yeyote aliyepita aweze kuziokota: baharia, mfanyabiashara, au mtu aliyekuwa akisubiri kupakiwa melini.

Hilo la mwisho nililiandika kulia, kwa herufi ndogo. Hakuna ushahidi hata mmoja unaoziunganisha sarafu za Marchinbar na Morisi, na ningekuwa mwalimu wangu ningelipigia mstari. Nimeliacha kwa sababu tu lina uzito sawa na nahodha wa mjomba, na hakuna aliyewahi kunitumia picha yake yenye maneno mekundu.

Mwezi wa nane nilikwenda Masoko. Baada ya chakula cha usiku nilimfungulia mjomba karatasi ile kwenye mkeka, nikamsomea. Alisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye Wamakassar alicheka, akasema wavuvi ni wavuvi popote. Nilipofika kwenye mkataba wa 1776 alinyamaza, akaniomba nirudie mwaka.

"Kwa hiyo aliyezipeleka hajulikani," akasema.

"Hajulikani, mjomba."

"Na babu yako?"

Nikamwambia babu alifika Mukalla na Bombei, hayo tunayajua, kwa sababu alirudi na kasha lenye misumari ya shaba ambalo bibi aliwekea nguo zake. Mjomba akageuza shingo kulitazama pale pembeni ya mlango. Kisha akasema kwamba kasha lile, kwa alivyosikia yeye, babu alilinunua Lamu.