Viza ya Schengen: Tarehe za uhalali si siku za kukaa

WAKENYA wanaosafiri kwenda Ujerumani, Ufaransa au Uholanzi hubandikiwa katika pasipoti viza ya Schengen, na aghalabu macho yao hutua kwenye tarehe mbili za juu: viza inapoanza na inapokwisha. Chini yake pana mambo mawili yasiyotazamwa sana, nayo ndiyo huwaponza wengi: idadi ya kuingia, na siku za kukaa.

Tarehe hizo mbili ni mipaka tu ambayo msafiri hawezi kuingia kabla yake wala kubaki baada yake. Kipimo cha ziara ni siku za kukaa. Viza ya kuingia mara moja kwa kawaida huongezewa siku 15 za ahueni, ili safari ikichelewa isilazimu maombi mapya.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyeomba kuzuru Frankfurt kuanzia Juni 10 hadi Juni 24. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa, hivyo hupewa siku 15, ilhali viza yasema ni halali hadi Julai 9. Akifika Juni 14, lazima aondoke kufikia Juni 28, wala si Julai 9. Akichelewa hadi Juni 30, atapata siku 10 pekee, kwa kuwa uhalali utakwisha kabla ya siku zake. Kinachotangulia kwisha ndicho kinachomfunga.

Mfanyabiashara huyo anaweza kupanda treni hadi Amsterdam na kurejea, kwani hajatoka katika eneo la Schengen. Lakini akienda London, hata kwa viza halali ya Uingereza, ametoka. Viza yake yenye nambari 01 imetumika, na hataruhusiwa kurudi Frankfurt hata kama amesaliwa na siku tisa.

Mwenye viza iliyoandikwa MULT huingia na kutoka apendavyo, na viza hiyo yaweza kudumu mwaka mmoja au zaidi. Hata hivyo, mwaka huo haumruhusu kuishi huko. Ukomo ni siku 90 katika kila siku 180, zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka kila siku anayokuwa huko. Aliyeingia Machi 1 na kukaa mfululizo hadi Mei 29 amemaliza siku zake 90. Ataweza kuingia tena Agosti 28, siku ile ya Machi 1 inapotoka katika hesabu.

Zamani afisa wa mpakani alilazimika kufunua kurasa akisaka mihuri, na baadhi ya wasafiri walitumainia muhuri uliofifia. Tangu Oktoba 12, 2025, mataifa ya Schengen yalianza kutumia mfumo wa kielektroniki unaonakili alama za vidole, picha na tarehe za kuingia na kutoka. Aliyepitisha siku hubainika papo hapo, na anaweza kutozwa faini au kupigwa marufuku kuingia.