Tafsiri ya maelekezo ya usalama wa msumeno wa meza: ubao unaorushwa nyuma, kabari na kifuniko

Makala haya yanahusu tafsiri, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, ya maelekezo ya usalama wa msumeno wa meza, yaani mashine ambayo diski yenye meno hujitokeza juu ya meza na fundi huusukuma ubao kuielekea. Mashine hii hutumika katika karakana za useremala na katika viwanda vya kupasua mbao.

1. Nini kinachorushwa?

Miongozo ya Kiingereza hutumia nomino moja, iliyoundwa kwa maneno yenye maana ya «teke» na «nyuma», kutaja ajali za aina mbalimbali. Nomino hiyo haisemi ni kitu gani kinachorudi nyuma. Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kunyamaza hivyo, kwa kuwa kiambishi cha nafsi au cha ngeli hudai kiima. Mfasiri hana budi kuielewa ajali kabla ya kuitaja.

Katika msumeno wa meza, meno yaliyo upande wa fundi hushuka kuelekea mezani, na yale ya upande wa pili hupanda. Ubao unapopasuliwa, mwanya wa mkato unaweza kujifunga kwa sababu ya mkazo uliomo ndani ya mti, au ubao unaweza kubanwa kati ya diski na reli ya kuongozea. Hapo meno yanayopanda huudaka ubao, huuinua na kuutupa juu ya diski kumwelekea fundi. Diski yenye kipenyo cha milimita 400, ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ina meno yanayokwenda takriban mita 59 kwa sekunde. Mkono hauna wakati wa kukwepa.

Katika msumeno wa mnyororo, ajali inayobeba jina hilohilo ni tofauti. Sehemu ya juu ya ncha ya mwamba wa mnyororo ikigusa mti, msumeno wenyewe huruka juu na kumrudia mtumiaji. Katika msumeno wa diski unaoshikwa mkononi vilevile, kinachorudi ni mashine, si ubao.

Kwa hiyo istilahi moja ya Kiswahili haitoshi. Kwa msumeno wa meza inafaa kusema *kurushwa nyuma kwa ubao*. Kwa msumeno wa mnyororo, *kuruka kwa msumeno*. Na kwa msumeno wa diski wa mkononi, *kurudi kwa msumeno*. Tafsiri kama «kurudi nyuma», isiyotaja kiima, humfanya msomaji adhani kwamba ni yeye anayetakiwa kurudi nyuma.

Ikumbukwe pia kwamba *kupasua* na *kukata* si visawe katika kazi hii. Kupasua ni kufuata urefu wa nyuzi za mti. Kukata ni kupita nyuzi hizo kwa upana. Onyo la mwanya unaojifunga huhusu hasa kupasua, hivyo kitenzi hicho kisibadilishwe kwa ajili ya kupamba lugha.

2. Kabari, si kisu

Nyuma ya diski hufungwa bamba jembamba la chuma linaloingia katika mwanya wa mkato na kuuzuia usijifunge. Jina lake la Kiingereza lina neno lenye maana ya kisu. Likifasiriwa «kisu cha kupasulia», msomaji atadhani kwamba ni diski yenyewe, kwani hicho ndicho kinachopasua. Akiambiwa akirekebishe, atarekebisha kitu kingine.

Bamba hilo halikati chochote. Kazi yake ni ile ya *kabari*, neno ambalo mpasuaji mbao analijua tayari kwa kipande anachokichomeka katika mkato ili usibane msumeno. Kwa kuwa kabari ya kawaida huchomekwa na kuchomolewa, inafaa kuandika *kabari ya chuma ya nyuma ya diski* mara ya kwanza, pamoja na maelezo mafupi kwamba imefungwa kwenye mashine, kisha *kabari* peke yake.

Kujua kazi ya kitu hiki humsaidia mfasiri kukagua takwimu. Unene wa kabari unapaswa kuzidi kidogo ule wa bamba la diski, lakini uwe mdogo kuliko upana wa mkato. Ikiwa nyembamba mno haitazuia mwanya kujifunga. Ikiwa nene mno ubao utakwama. Tafsiri inayosema kwamba kabari iwe «nene kuliko mkato» imegeuza maana, hata kama sarufi yake haina dosari.

3. Mlinzi, kinga na kifuniko

*Mlinzi* ni mtu. Neno hili halifai kutaja kifaa cha mashine. *Kinga* ni bora zaidi, ila lina utata wake: vifaa vya kinga ni pia miwani, viziba masikio na barakoa. Fundi aliyevaa miwani anaweza kusoma «hakikisha kinga ipo» na kuamini kwamba ametii. Kwa sehemu inayofunika diski, *kifuniko cha diski* hakiachi shaka. *Kinga* ibaki kwa vile vinavyovaliwa mwilini.

Utata wa namna hiyo upo katika vumbi. Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika kina maana ya jumla ya kutoa, lakini mashine *hunyonya* vumbi kupitia bomba pale linapotokea. «Kuondoa vumbi» kunaweza kueleweka kuwa kufagia au kupuliza kwa hewa, na kupuliza hulirusha vumbi katika hewa anayovuta fundi. Iandikwe *kunyonya vumbi*.

4. Mfano

Chukua aya yenye sentensi tatu, iliyofasiriwa neno kwa neno:

> Kurudi nyuma kunaweza kusababisha majeraha makubwa. Hakikisha kisu cha kupasulia kimerekebishwa ipasavyo. Mlinzi asiondolewe.

Tafsiri inayofaa:

> Ubao unaweza kurushwa nyuma kwa nguvu na kukujeruhi vibaya. Hakikisha kabari ya chuma ya nyuma ya diski imerekebishwa kama inavyoelezwa katika ukurasa wa marekebisho. Usiondoe kifuniko cha diski.

Neno «ipasavyo» limebadilishwa kwa rejeo kwa sababu halimwambii fundi apime nini. Katika mwongozo wa mfano huu, ukurasa wa marekebisho unataka pengo kati ya kabari na meno, katika usawa wa meza, lisizidi milimita 8. Kama mwongozo hautoi kipimo, mfasiri asikibuni, amuulize mtengenezaji. Vivyo hivyo, mfasiri anayejua kwamba fundi hapaswi kusimama kwenye mstari wa diski hana ruhusa ya kuliongeza onyo hilo kimyakimya. Alipendekeze kwa mteja kwa maandishi.

Kauli ya kutendwa katika sentensi ya tatu imekuwa amri kwa nafsi ya pili. «Asiondolewe» haisemi ni nani anayekatazwa. «Usiondoe» humhusu anayesoma.

5. Kuhakiki

Baada ya kufasiri, msomee fundi aya hiyo bila kumwonyesha mashine, kisha umuulize maswali matatu: kitakachoruka ni kipi, kitaelekea wapi, na kifaa gani kinakizuia? Akijibu «ubao, kwangu, kabari», tafsiri imefika. Akisita katika jibu la kwanza, kiima kimepotea mahali fulani, na ndipo pa kuanzia kusahihisha.